Maziwa ya Manjano, Karafuu na Habasoda: Kabla Hujatibu Koo, Angalia Vidonge Vilivyomo Nyumbani

Mvua zikishakatika, kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa Singida hauna huruma. Unabeba vumbi la barabarani na makapi ya mtama na alizeti yanayopepetwa uani, na jioni moshi wa kuni unamalizia kazi hiyo jikoni. Koo linaanza kuwasha, sauti inakwaruza, na ushauri unafika kabla hujauomba. Jirani anasema kunywa maziwa ya manjano. Shangazi anasema tafuna karafuu. Muuza viungo sokoni anakupimia habasoda na kukuambia uilambe na asali, tena asali ya Manyoni au Itigi ndiyo bora.

Ushauri wenyewe si mbaya. Kwa mtu mzima asiyetumia dawa yoyote, kikombe cha maziwa yenye manjano hakina la kutisha, na kinaweza kumpa nafuu ya usiku mmoja. Mashaka yapo kwenye mambo mawili ambayo muuza viungo hakuulizi: koo lako linauma kwa sababu gani, na ni vidonge gani unavyomeza kila siku. Anza na hayo mawili, kisha bandika maziwa jikoni.

Koo linauma kwa nini

Koo la vumbi na moshi huwasha bila homa, hupungua ukikaa ndani au ukivaa barakoa wakati wa kupepeta, na hurudi ukirudi kazini. Hilo linataka maji ya kunywa na kitambaa puani. Koo la mafua huja na kamasi, chafya, kikohozi na sauti iliyokauka. Maumivu mengi ya koo ni ya aina hii, husababishwa na virusi, na huisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi, uwe umekunywa manjano au hukunywa. Ndiyo maana kila dawa ya koo ina mashahidi wengi: aliyeilamba siku ya nne alipona siku ya sita, na sifa ikaenda kwa habasoda.

Koo la tatu ndilo la kuogopa, na mara nyingi humpata mtoto wa miaka 5 hadi 15. Linaanza ghafla na homa kali, kumeza kunauma hasa, mafindofindo yamevimba na pengine yana madoa meupe ya usaha, mitoki ya shingoni inauma ukiigusa, na mtoto hakohoi wala hatoki kamasi. Hapo kukosekana kwa kikohozi si dalili ya nafuu. Huenda ni bakteria aina ya streptokoka, na bakteria hao wasipotibiwa wanaweza kuuchochea mwili ushambulie moyo wake wenyewe wiki chache baadaye. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na ikijirudiarudia hukaza au kulegeza valvu za moyo. Tanzania bado ina vijana wengi wanaofanyiwa upasuaji wa valvu katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam kwa sababu ya ugonjwa huu, ambao chanzo chake mara nyingi ni koo lililouma utotoni na kuachwa lipone lenyewe.

Kwa hiyo mtoto mwenye dalili hizo mpeleke zahanati siku hiyohiyo au kesho yake. Penisilini, iwe sindano moja ya muda mrefu au vidonge vya siku 10, huukinga moyo hata ikianza siku kadhaa baada ya koo kuanza kuuma, ilimradi zisipite siku 9. Maziwa ya manjano anaweza kunywa pia, lakini yasiwe sababu ya kungoja siku hizo 9 ziishe. Na mtu akikushauri mtoto akakatwe kimeo, kataa bila kujadiliana. Kile kilimi kinachoning'inia nyuma ya ulimi sicho kinachosababisha kikohozi wala homa, na kukikata kwa wembe kumeshaua watoto kwa kutokwa damu na kwa maambukizi.

Kikombe chenyewe

Chukua maziwa kikombe kimoja, yaani mililita 250 hivi. Kama ni ya kukamuliwa nyumbani au ya kupimwa kwenye ndoo, yachemshe kwanza mpaka yapande na kububujika, maana maziwa mabichi yanaweza kubeba homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe. Tia manjano ya unga nusu kijiko cha chai, koroga, acha moto mdogo dakika 5. Yaache yapoe hadi uvuguvugu, kisha tia asali kijiko kimoja. Asali ikiingia kwenye maziwa yanayochemka hakuna sumu inayotokea, ila harufu yake nzuri hupotea bure. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimpe asali hata kidogo. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia, zikamletea kupooza.

Kinachosifiwa ndani ya manjano ni kurkumini, ile rangi yenyewe ya njano. Katika maabara hupunguza uvimbe na kuwadhoofisha baadhi ya vijidudu. Lakini piga hesabu. Nusu kijiko cha chai ni gramu moja na nusu hivi ya unga, na kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga huo, kwa hiyo kikombe chako kina miligramu 45 au pungufu. Isitoshe, kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji na utumbo huipitisha bila kuinyonya kwa wingi. Mafuta ya maziwa husaidia kidogo. Pilipili manga husaidia zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kiini cha pilipili manga, na kiasi kilichofika kwenye damu kikaongezeka mara 20.

Watu husikia hiyo mara 20 wakafurahi. Mimi hunishtua. Piperini hufanya hivyo kwa kuyalegeza matumbo na ini yanapojaribu kuvunja na kutupa vitu vigeni, na ini halichagui kwamba hiki ni manjano na hiki ni kidonge cha kifafa. Vidonge kama fenitoini na propranololi hupanda kwenye damu vikichanganyika na piperini ya kutosha. Punje mbili za pilipili manga kwenye chai hazifiki huko. Ila vidonge vya manjano vinavyouzwa kwenye makopo, vyenye miligramu 500 za kurkumini iliyokamuliwa na kuongezewa piperini, ni kitu kingine kabisa, hata kama kopo lina picha ya mzizi uleule unaoujua. Kidonge kimoja cha namna hiyo kina kurkumini nyingi kuliko vikombe 10 vya maziwa yako. Huko Italia, Ufaransa na kwingineko wameripotiwa watu walioumwa ini, macho yakawa ya njano na mkojo kuwa kama chai ya rangi, baada ya kutumia vidonge hivyo. Kikombe cha maziwa hakijapata sifa hiyo mbaya.

Kwa koo basi, usitarajie manjano yaue ugonjwa. Kinachokupa nafuu ni zaidi ule uvuguvugu, mafuta ya maziwa yanayolainisha, na asali inayotuliza kikohozi. Hiyo asali, nikiulizwa, ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko vyote vilivyomo ndani ya kikombe.

Karafuu na habasoda

Karafuu ina sifa inayostahili. Kiini chake, eujenoli, hufanya mishipa ya fahamu ife ganzi kwa muda. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait waliwapaka watu kinywani jeli ya karafuu au dawa ya ganzi ya daktari wa meno, kisha wakawachoma sindano, na karafuu haikushindwa. Ukiweka punje moja shavuni na kuibana polepole kwa meno, utomvu unaoshuka kooni utatuliza maumivu kwa dakika kadhaa. Punje 2 au 3 zilizochemshwa kwenye kikombe cha maji hufanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi. Ganzi haitibu, na inaweza kumficha mtoto anayehitaji penisilini, lakini mtu mzima anayeshindwa kulala kwa koo atashukuru.

Mafuta ya karafuu yaogope. Chupa ndogo ya mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye karafuu na makonyo yake ina eujenoli karibu tupu. Yupo mtoto wa miaka 2 huko Uingereza aliyekunywa mililita 5 hadi 10 tu, vijiko viwili vya chai kwa wingi, akapoteza fahamu na ini lake likaharibika vibaya. Usiyanywe, usiyadondoshe kwenye maziwa ya mtoto, na usiiweke chupa kwenye meza ya chai.

Habasoda hubebwa na imani, kwa kuwa imetajwa katika hadithi za Mtume, na sina nia ya kubishana na imani ya mtu. Nazungumzia koo. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika Indonesia kwa wagonjwa wa mafindofindo na koo, na waliopewa vidonge vya habasoda walipungukiwa na maumivu ya kumeza haraka kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kasoro ni kwamba vidonge vile vilikuwa na mmea mwingine wa pili ndani yake, kwa hiyo hakuna awezaye kusema ni habasoda iliyofanya kazi, ni mwenzake, au ni vyote viwili. Ukitaka kuijaribu, nusu kijiko cha chai cha mbegu zilizopondwa, zilizochanganywa na asali, mara moja kwa siku na kwa siku chache, ni kiasi cha chakula. Mafuta ya habasoda ni makali kuliko mbegu na huwachoma wengine tumboni.

Kinachojulikana vizuri zaidi kuhusu habasoda hakihusu koo. Inashusha sukari ya damu. Nchini Saudia, utafiti wa mwaka 2010 uliwapa wagonjwa wa kisukari gramu 2 za habasoda kila siku juu ya dawa zao, na baada ya majuma 12 sukari yao ilikuwa imeshuka kiasi cha kuonekana wazi. Inashusha pia presha kidogo. Kwa mgonjwa wa kisukari habari hiyo inaweza kuwa njema au mbaya, kutegemea ni kidonge gani anachomeza.

Vidonge vilivyomo kabatini

Tuseme yupo bibi wa miaka 66 katika kijiji kimoja cha Ikungi. Kliniki imempa metformini na glibenklamidi, na huzimeza kila asubuhi bila kukosa. Siku tatu sasa koo linamuuma, ugali haupiti, na anaishi kwa uji mwepesi nusu kikombe. Mjukuu wake, kwa upendo, amemletea habasoda iliyosagwa: kijiko kizima cha chai asubuhi na kingine jioni. Hiyo ni karibu gramu 5 kwa siku, zaidi ya maradufu ya kipimo cha Saudia. Saa tano asubuhi anaanza kutokwa jasho jingi, mikono inatetemeka, anajibu maswali kama mtu aliyelewa. Nyumbani wanasema homa inatoka, wengine wanasema presha imepanda, na mmoja yuko tayari kumpa kidonge kingine.

Hiyo ni sukari kushuka. Kama kuna kipimo cha kidole kitaonyesha chini ya 4, na kama hakuna kipimo usingoje kipatikane. Mpe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida isiyo ya kisukari, ikiwa bado anaweza kumeza. Baada ya dakika 15 mpime au mtazame tena, na kama bado anatetemeka rudia. Kisha ale kitu cha kukaa tumboni, hata uji mzito. Kama hajitambui usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Hata akiamka na kucheka bado apelekwe, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini kutwa nzima, na kwa mzee mwenye figo dhaifu hukaa zaidi. Sukari inaweza kushuka tena usiku kila mtu akiwa amelala.

Ukitafuta mkosaji, usimbebeshe habasoda peke yake. Gramu 5 kwa siku tatu zisingemwangusha mtu mwenye afya, wala metformini pekee si kawaida yake kushusha sukari kiasi hicho. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumbo ni tupu, koo likamzuia kula, na habasoda ikaongeza msukumo kidogo. Kwa hiyo anayemeza glibenklamidi au kuchoma insulini, koo likimzuia kula, jambo la kwanza ni kupima sukari na kupiga simu kliniki kuuliza kama apunguze dawa. Maambukizi nayo yanaweza kuipandisha sukari, hivyo kubahatisha hakufai upande wowote. Habasoda ikae pembeni mpaka awe anakula vizuri.

Wa pili wa kuangaliwa ni aliyewekewa valvu bandia, pengine yule mtoto wa koo lisilo na kikohozi, sasa amekuwa mtu mzima na amerudi Singida na kopo la warfarini. Dawa hiyo inazuia damu kuganda kwenye valvu, na nafasi kati ya kiasi kinachomlinda na kinachomvujisha damu ni nyembamba. Kipimo chake cha INR kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3.5 hivi, kutegemea valvu yake. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Nyuzilandi ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa aliyekuwa ametulia na warfarini kuanza kutumia dawa ya manjano, na INR yake ikapita 10 ndani ya wiki chache. Karafuu na habasoda nazo zimeonekana maabara kuzuia chembe za damu zisishikane. Mtu huyu aendelee na manjano ya mchuzi aliyoyazoea, kwa kiasi kilekile, na asianze maziwa ya manjano ya kila siku, wala kopo la vidonge, bila kupimwa INR kabla na wiki moja baadaye. Fizi zinazovuja damu, mavilio yanayojitokeza bila kugongwa, mkojo mwekundu au choo cheusi kama lami ni dalili za kwenda hospitali saa ileile. Anayemeza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo au kiharusi naye ajihadhari vivyo hivyo, ingawa hatari yake ni ndogo zaidi.

Maziwa yenyewe hayana shutuma kubwa ila moja. Kalsiamu yake hukamata siprofloksasini, na kwa kiasi fulani doksisaiklini, zikapita tumboni bila kuingia kwenye damu kama ilivyokusudiwa. Ukipewa dawa hizo zimeze kwa maji, na maziwa yangoje saa 2 au zaidi. Amoksilini haina ugomvi na maziwa. Na dawa mseto ya malaria huyahitaji kabisa, kwa sababu huingia vizuri zaidi mwilini ikifuatana na kitu chenye mafuta, hivyo mgonjwa wa malaria mwenye koo bovu kikombe hicho ni chake. Mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu anayemeza vidonge vya madini ya chuma avimeze mbali na maziwa ya manjano, kwa kuwa manjano na maziwa vyote viwili hupunguza uchukuaji wa chuma. Habasoda na manjano ya kipimo cha dawa mjamzito aziache. Za kwenye chakula hazina neno.

Kuna koo moja zaidi ambalo hakuna kiungo kitakacholiweza. Kama umeanzishiwa kaptoprili au enalaprili kwa ajili ya presha na tangu hapo una kikohozi kikavu na mkwaruzo wa kooni usioisha, dawa yenyewe ndiyo inayowasha. Usiiache kimyakimya, rudi kliniki ubadilishiwe. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura.

Unaponunua manjano, nunua mzizi mkavu usiong'aa mno, uutwange mwenyewe. Unga unaweza kuongezewa rangi, na hata mzizi unaweza kupakwa. Huko Bangladeshi iligundulika kuwa wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa rangi yenye madini ya risasi, sumu ya ubongo kwa watoto, na serikali ilipowabana kuanzia mwaka 2019 rangi hiyo ikatoweka sokoni. Unga unaong'aa mno na kushika vidole kama chokaa ya rangi uuache hapohapo.

Usisubiri kesho ikiwa mgonjwa anashindwa kumeza mate yake, anatokwa udenda, anapumua kwa kukoroma akiwa macho, shingo imevimba upande mmoja au kinywa hakifunguki. Koo linalouma zaidi ya wiki moja, au sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu hasa kwa mvutaji sigara, litazamwe na daktari kwa taa. Ukifika dirishani, taja kila ulichokunywa pamoja na kipimo chake, au beba pakiti. Na kama una tarehe ya upasuaji, hata wa kung'oa jino, acha vidonge vya manjano na mafuta ya habasoda wiki mbili kabla, na umwambie atakayekupasua kwamba ulikuwa ukivitumia.